Asilimia 56.9 kwa sura tatu: namba kubwa, vidoti kumi au pau kwenye slaidi zako?

Namba niliyopewa ilikuwa moja. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na wenzao wa Zanzibar, ulikuta kwamba mkoani Iringa asilimia 56.9 ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Njombe ni 50.4, Rukwa 49.8, na nchi nzima ni 30. Mikoa hii ndiyo inayojaza malori mahindi na viazi kwenda Dar es Salaam, na ndiyo iliyo juu kabisa kwa udumavu. Kikundi chetu cha wahudumu wa afya ngazi ya jamii kilitaka jambo hilo liwekwe kwenye slaidi za kutelezesha, za Instagram na za kutuma kwenye magrupu ya WhatsApp. Kazi ya kuzichora ikaniangukia mimi.

Namba hiyo niliichora kwa sura tatu: namba kubwa peke yake, vidoti kumi, na pau. Kila sura nikaipeleka Mashine Tatu hapa Iringa mjini na kuwaonyesha akina mama wa sokoni kwenye simu. Kipimo changu kilikuwa rahisi. Namwonyesha mtu slaidi kwa muda wa kuhesabu hadi tano, nazima kioo, kisha namuuliza: umeona nini? Anachokisema ndicho slaidi ilichokisema, hata kama mimi nilikusudia kingine.

Kwa mwenye haraka, uamuzi wangu ni huu:

| Slaidi inajibu swali gani? | Ninachochagua | Kinapoharibika |
|---|---|---|
| Tatizo ni kubwa kiasi gani? | Vidoti kumi | Namba ikiwa katikati ya kumi mbili, kama 54 au 55 |
| Nani amezidi nani? | Pau zilizolala | Pau zisipoanzia sifuri |
| Nivute jicho la mwenye haraka | Namba kubwa, iliyokatwa nukta | Isiposema ni asilimia ya nini |

Namba kubwa peke yake

Hii ndiyo inayokuja kichwani kwanza. Unaandika 56.9% kwa fonti nene inayojaza nusu ya slaidi, chini yake maneno madogo, umemaliza. Kwenye kompyuta inapendeza. Inachorwa kwa dakika tano, na mtu anayepitisha kidole haraka hawezi kuikosa.

Mama wa kwanza niliyemwonyesha anauza mboga za majani. Baada ya shikamoo na marahaba aliiangalia slaidi, nikazima kioo, nikauliza.

"Hamsini na sita nukta tisa," akasema. Akanyamaza kidogo. "Sasa mwanangu, hiyo nukta tisa ni mtoto gani?"

Hakuwa anatania, na swali lake ni la msingi. Nukta ina maana kwenye jedwali la ripoti, kwa sababu huko kuna mtu atakayeichukua akafanyie hesabu nyingine. Kwenye slaidi inakula nafasi, inamchelewesha msomaji, na inaipa namba uhakika ambao haina. Takwimu ya mkoa katika utafiti kama huu inatokana na sampuli ya kaya, haikuhesabu kila mtoto. Sampuli ya mkoa mmoja ni ndogo kuliko ya nchi, kwa hiyo makadirio ya mkoa yanayumba zaidi. Ile tisa baada ya nukta haiwezi kutetewa mbele ya mtu mwenye akili. Andika 57, na uache 56.9 ikae kwenye slaidi ya mwisho penye chanzo.

Jambo la pili lilinisumbua zaidi. Nilimuuliza mama mwingine ni asilimia ya nani. Akajibu, "Ya watu wa Iringa." Maneno "watoto chini ya miaka 5" yalikuwepo, lakini kwa herufi ndogo za kijivu chini ya namba, na macho yake hayakufika huko. Iringa ilikuwa na watu 1,192,728 kwenye Sensa ya 2022. Kama mtu ameondoka akiamini kuwa zaidi ya nusu yao wamedumaa, slaidi yangu imemdanganya ingawa kila neno lililoandikwa juu yake ni la kweli.

Kwa hiyo namba kubwa ninaitumia kwa sharti moja: anayehesabiwa awe kwenye mstari uleule wa namba, kwa fonti isiyopungua theluthi moja ya ukubwa wa namba yenyewe. "57 kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, Iringa." Namba haitakuwa tena na ubabe uleule, lakini maana yake itafika.

Vidoti kumi

Hapa unachora vidoti kumi, au vichwa kumi vya watoto, na unapaka rangi vile vinavyohusika:

```
Iringa          ● ● ● ● ● ● ○ ○ ○ ○
Nchi nzima      ● ● ● ○ ○ ○ ○ ○ ○ ○
```

Kati ya sura zote tatu, hii ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Mama akiona vidoti hivi hasomi asilimia, anahesabu watoto. Sita kwa kumi unaweza kuibeba hadi nyumbani na kumwambia jirani bila kuipoteza njiani. Na kwa namba zetu ilikubali vizuri mno: sita Iringa, tatu nchi nzima, mara mbili kasoro kidogo. Huhitaji kuandika "mara mbili", jicho linaiona lenyewe.

Ila vidoti vina masharti yake, na nimeona wengi wakiyavunja.

La kwanza ni kukadiria. Asilimia 56.9 ni vidoti 5.7, kwa hiyo nimeongeza kidogo kufikia sita. Neno "karibu" lazima liwepo: "karibu watoto 6 kati ya 10". Nchi nzima ni 30 kamili, hapo hakuna shida. Lakini fikiria mikoa miwili, mmoja una 54 na mwingine 56. Ukivigeuza kuwa vidoti, wa kwanza unapata vitano na wa pili sita, na tofauti ya pointi mbili imekuwa kidoti kizima. Namba ikiangukia katikati namna hiyo ninaacha vidoti na kuandika "zaidi ya nusu", au ninahamia kwenye pau.

La pili ni kubadilisha idadi ya chini. Utakuta slaidi moja inasema "6 kati ya 10 Iringa", inayofuata "mtoto 1 kati ya 3 nchini". Kwanza, 1 kati ya 3 ni asilimia 33, si 30. Pili, msomaji anayetelezesha haraka analinganisha 6 na 1, kwa sababu hizo ndizo namba alizoziona kwanza. Ukianza na kumi, maliza na kumi. Mtu hatakiwi kupiga hesabu ya sehemu kichwani huku akiwa na kidole juu ya kioo.

La tatu linahusu picha unayoiweka badala ya kidoti. Programu za kuchorea zina aikoni nyingi za watoto, na ukitafuta utapiamlo unaletewa mtoto aliyekonda, mbavu nje. Huyo si mtoto aliyedumaa. Udumavu ni urefu mdogo kuliko unaotegemewa kwa umri wa mtoto. Kukonda ni uzito mdogo kwa urefu wake, na hicho ni kipimo kingine chenye takwimu zake. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu mazuri na akacheza kama wenzake, ndiyo maana mzazi hamtambui. Ukiweka mbavu, kila mama atamwangalia wa kwake aseme, "Huyu wangu hayumo." Niliondoa aikoni zote nikabaki na vidoti vya duara. Havina uso, na havimwondoi mtu kwenye hesabu.

Pau zilizolala

Vidoti vinaelemewa unapotaka mikoa mitatu au minne ionekane kwa pamoja. Njombe 50.4 na Rukwa 49.8 zote ni vidoti vitano, na Iringa sita. Hilo halina ubaya kwa Njombe na Rukwa, maana tofauti ya 0.6 kwenye sampuli si ya kugombania. Lakini ukipanga safu nne za vidoti, msomaji anaanza kuhesabu safu moja moja na anachoka. Hapo pau inafanya kazi bora:

```
Iringa      ████████████████████████████ 57
Njombe      █████████████████████████ 50
Rukwa       █████████████████████████ 50
Nchi nzima  ███████████████ 30
```

Nimezilaza makusudi. Pau zikisimama, majina ya mikoa yanakaa chini yake na hayatoshi, programu inayageuza kimshazari, na msomaji anainamisha shingo. Zikilala, jina linasomwa kama sentensi: Iringa, hamsini na saba. Namba inakaa mwishoni mwa pau yake, kwa hiyo mistari ya kipimo pembeni inaweza kufutwa yote. Rangi nzito inawekwa kwenye pau moja tu, ile unayoizungumzia, na nyingine zinabaki hafifu.

Kosa la pau ni moja, nalo ni kubwa. Programu nyingi, hasa ukicheza na mipangilio ili "tofauti ionekane", zinakuruhusu kuanzia kipimo mahali pengine badala ya sifuri. Tuseme umeanzia 45. Pau ya Iringa sasa ina urefu wa 11.9 na ya Rukwa 4.8. Jicho linaona Iringa ni mara mbili na nusu ya Rukwa, wakati ukweli ni kwamba imeizidi kwa sehemu moja tu kati ya saba. Na wastani wa nchi, ile 30 iliyokuwa na maana kuliko zote, hauwezi hata kuchorwa maana uko chini ya mwanzo wa kipimo. Ukikutana na chati ya pau isiyo na mstari wa kipimo, jaribu hivi: chukua rula au kipande cha karatasi, pima pau mbili, kisha gawanya. Kama uwiano wa urefu haulingani na uwiano wa namba zilizoandikwa, pau zimekatwa miguu.

Kuna walioniuliza kwa nini sikutumia chati duara, ile ya kukatwa kama keki. Keki inakata kitu kimoja kizima. Iringa, Njombe na Rukwa si vipande vya keki moja. Kila mmoja una mia yake. Ukiziingiza namba hizo tatu kwenye programu haitakukatalia, itazijumlisha zifike 157.1 na kuipa Iringa asilimia 36 ya duara. Namba 36 haina maana yoyote duniani, lakini itakuwa imechorwa vizuri.

Ukitaka kuonyesha kwamba hali imebadilika

Hapa sura zote tatu zinahitaji uangalifu, na ndipo penye majaribu makubwa. Utafiti wa Kitaifa wa Lishe wa 2018 uliipa Iringa asilimia 47.1. Ukiweka 47 na 57 kwenye slaidi moja, msomaji anashtuka, na wewe unatamani kuandika "udumavu umeongezeka kwa asilimia 10". Sentensi hiyo ni kosa. Kutoka 47.1 kwenda 56.9 ni nyongeza ya pointi 9.8 za asilimia. Ukiipima kwa kiwango cha mwanzo, ni ongezeko la takriban asilimia 21. Wasomaji wawili wataielewa sentensi ile kwa namna mbili. Andika namba mbili na miaka yake, "47 kati ya 100 mwaka 2018, 57 kati ya 100 mwaka 2022", uache neno asilimia lipumzike. Ongeza pia kwamba ni tafiti mbili tofauti, kila moja na sampuli yake, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo inaweza kuwa ya upimaji na si ya watoto.

Kwa Mbeya mtego ni wa namna nyingine. Sensa ya 2012 iliupa Mkoa wa Mbeya watu 2,707,410. Sensa ya 2022 ikaupa 2,343,754. Pau mbili, kila moja ikianzia sifuri, kila namba ikiwa sahihi, na slaidi inasema watu zaidi ya laki tatu na nusu wamepotea. Hakuna aliyepotea. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukichukua eneo lililobaki Mbeya peke yake, mwaka 2012 lilikuwa na watu 1,708,548, na limeongezeka kwa zaidi ya laki sita. Kwa hiyo kabla ya kuchora mabadiliko ya mkoa wowote wa Nyanda za Juu Kusini, uliza kwanza kama mipaka ni ileile.

Ukubwa wa herufi, na slaidi inayosafiri peke yake

Slaidi ya Instagram ya wima huwa ni pikseli 1080 kwa 1350. Kwenye simu ya kawaida upana huo wote unabanwa kwenye sentimita saba hivi, kwa hiyo fonti ya pikseli 40 inakuwa na kimo cha milimita mbili na nusu. Hiyo ndiyo ndogo kuliko zote ninayoikubali, hata kwa chanzo. Kijivu hafifu kinachopendeza ofisini hakionekani sokoni saa saba mchana, na picha ikipita kwenye magrupu mawili matatu ya WhatsApp inabanwa, mistari myembamba inageuka ukungu. Pau na vidoti vinavumilia safari hiyo. Maneno madogo hayavumilii. Ukituma mwenyewe, chagua HD.

Jambo la kukumbuka zaidi ni kwamba slaidi zako hazikai pamoja. Mtu anapiga skrinishoti ile moja iliyomgusa na kuipeleka kwenye grupu la familia. Instagram nayo huweza kumrudishia mtu posti aliyoipita ikianzia slaidi ya pili. Kwa hiyo maneno "watoto chini ya miaka 5", "Iringa" na "2022" yanakaa kwenye kila slaidi yenye namba, si kwenye ya kwanza tu. Niliona kama ninajirudia. Kisha nikaipata slaidi yangu ya tatu kwenye grupu la mtaa ambalo sikuituma mimi, ikiwa peke yake, na bado ilikuwa inajieleza.

Kama takwimu ni za kwenu wenyewe, tuseme mmewauliza wauzaji 40 wa soko moja na 3 wakajibu ndiyo, msiandike asilimia 7.5. Hiyo 7.5 inasikika kama ya mkoa mzima. Andikeni "3 kati ya 40 tuliowauliza", na mchore vidoti 40. Msomaji ataona ukubwa wa utafiti wenu palepale, na mtakuwa hamjamficha kitu.

Mpangilio niliobaki nao una slaidi tano. Ya kwanza ina vidoti vya Iringa peke yake na sentensi yake. Ya pili inaweka Iringa na nchi nzima, safu mbili. Ya tatu ni pau za mikoa. Ya nne inaeleza kudumaa ni nini, kwamba ni urefu kwa umri. Ya tano ni jina la utafiti, mwaka, na 56.9 ikiwa na nukta yake.

Nilirudi Mashine Tatu na slaidi mbili za kwanza, kwa yule mama wa mboga aliyeuliza habari za nukta tisa. Nikahesabu hadi tano, nikazima kioo.

"Sita kwa kumi," akasema. "Wadogo, wa chini ya miaka mitano. Huko kwingine tatu." Akapanga mafungu yake ya mchicha bila kuniangalia. "Na mahindi yote haya tunayolima?"

Hilo swali halikuwemo kwenye slaidi zangu. Nilirudi nyumbani nikachora ya sita, ikaingia baada ya ile inayoeleza kudumaa ni nini: haina namba hata moja, ina sahani mbili, moja ya ugali mtupu na nyingine ya ugali, maharage, mboga na parachichi.